Huzuni ya kawaida au sonona? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Mbeya. Maswali haya nimeyakusanya kwenye benchi la kliniki, kwenye misiba na ndani ya kosta ya Tukuyu, maana watu wakishajua kazi yangu hawasubiri nifike ofisini. Mengi yanazunguka jambo moja: mtu amefiwa, ameachwa au amepata hasara, na ndugu zake hawajui kama wamwache alie mpaka yaishe au wampeleke hospitali. Ndiyo maana nimelikalia hilo zaidi ya mengine. Kama una haraka kwa sababu kuna mtu anasema hataki tena kuishi, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya "Hatari".

## Mambo ya msingi

Sonona ni nini? Si huzuni tu iliyozidi?

Sonona ni ugonjwa unaoshika hisia, mwili na fikra kwa pamoja. Watu wengi wanadhani huzuni na sonona ni kitu kimoja, tofauti ni wingi tu wa machozi. Ningekuwa na nafasi ya kusahihisha jambo moja tu, ningesahihisha hilo, kwa sababu nimeona wanaolia sana wakiwa wazima, na wasiotoa hata chozi wakiwa wagonjwa hasa.

Huzuni ya kawaida huja kwa mawimbi. Asubuhi unaona kanga ya marehemu imetundikwa msumarini, unalia mpaka unakaa chini. Mchana mjukuu anaanguka kwa mbwembwe zake, unacheka, halafu unashangaa kwamba umecheka. Kati ya wimbi na wimbi unapumua. Sonona haina mapumziko hayo. Inakaa kama ukungu wa Juni juu ya Rungwe, asubuhi upo, jioni upo, na hata jua likitoka kwa wengine wewe hulioni. Mjukuu anaanguka, unamtazama, na ndani hakuna kinachotikisika.

Jambo la pili ni jinsi mtu anavyojiona. Mwenye huzuni anasema, "Nimempoteza." Mwenye sonona anasema, "Mimi ndiye sina maana." Huzuni inaelekea kwa kile kilichopotea, sonona inamgeukia mwenyewe.

Kwa nini mnasema wiki mbili? Mtu akihuzunika siku kumi na tano tayari ni mgonjwa?

Hapana. Wiki mbili ni muda wa chini kabisa ambao mtaalamu anauhitaji kabla ya kulitaja jina la ugonjwa. Umewekwa hapo kwa sababu siku chache mbaya humpata kila mtu. Lakini muda peke yake hautoshi. Dalili ziwepo sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, ziwe nyingi kwa pamoja (tazama swali linalofuata), na ziwe zimevuruga maisha: shamba limeachwa, duka halifunguliwi, watoto wanakwenda shule bila kula.

Kuna hali moja ambapo wiki mbili hazisubiriwi. Mtu akianza kuzungumzia kufa, au akiacha kula na kunywa, anapelekwa siku hiyo hiyo.

Dalili zenyewe ni zipi?

Ziko 9. Mbili ndizo nguzo: moyo kuwa mzito karibu muda wote, na kukosa hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda. Nyingine ni usingizi kuharibika, uchovu, hamu ya kula kupungua au kuzidi, kujilaumu na kujiona hufai, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, mwili kuwa mzito na mwendo wa taratibu (au kinyume chake, kutotulia), na mawazo ya kufa. Mtaalamu anatafuta angalau 5 kati ya hizo, na mojawapo iwe nguzo.

Usingizi nauulizia kwa undani sana. Mwenye wasiwasi mara nyingi anakawia kuupata. Mwenye sonona iliyokomaa mara nyingi anaupata, halafu saa tisa usiku macho yanafunguka kabisa, analala akitazama mabati mpaka jogoo awike, na huo ndio wakati wake mbaya kuliko wote. Kufika alasiri anakuwa na nafuu kidogo. Akinieleza hivyo bila mimi kumuuliza, natega sikio zaidi.

Huku Rungwe na Kyela tunasalimiana "Ugonile?", yaani umelala? Watu hujibu kwa mazoea tu. Ukiwa na ndugu unayemtilia shaka, rudia swali hilo baada ya salamu kwisha, na safari hii subiri jibu.

Mimi sina huzuni. Nina mawazo tu, kichwa kinauma na mwili hauna nguvu. Hayo yanahusiana?

Yanahusiana sana. Wagonjwa wengi wa sonona ninaowaona hawajawahi kutamka neno huzuni. Wanasema "nawaza sana", "kichwa kinawaka moto", "moyo unakwenda mbio", "tumbo linawaka". Wamepimwa malaria mara tatu, wametibiwa taifodi, wamepewa dawa za vidonda vya tumbo, na bado. Hawadanganyi, maumivu yapo kweli, kwa sababu sonona hugusa usingizi, misuli na jinsi mwili unavyohisi maumivu.

Kama vipimo vinarudi safi na dawa hazisaidii, jiulize maswali ya nguzo mbili hapo juu, hasa lile la hamu. Mtu anaweza kukataa kwamba ana huzuni, lakini ukimuuliza "mara ya mwisho kufurahia kitu ilikuwa lini?" ananyamaza muda mrefu.

## Kupima

Kuna kipimo cha damu cha sonona?

Hakuna. Damu tunapima ili kuondoa magonjwa mengine yanayofanana nayo (tazama "Nikienda, nitafanyiwa nini?"). Sonona yenyewe hutambuliwa kwa mazungumzo na kwa maswali yaliyopangwa.

Maswali yanayotumika sana ni dodoso la PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili. Lina maswali 9 kwa zile dalili 9, na yote yanahusu wiki 2 zilizopita. Kila swali lina majibu manne: haijatokea kabisa (0), siku kadhaa (1), zaidi ya nusu ya siku hizo (2), karibu kila siku (3). Jumla ya juu kabisa ni 27. Kuanzia 5 dalili ni kidogo, kuanzia 10 ni za kati, kuanzia 15 ni nzito kiasi, kuanzia 20 ni kali. Wengi tunachukulia 10 kama mstari wa kumwita mtu kwa mazungumzo marefu zaidi.

Dodoso hili ni kama kipimajoto. Linakuambia kuna homa, halikuambii homa ya nini. Mtu aliyezika juzi anaweza kupata 12 bila kuwa na sonona. Na swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, halisubiri jumla: likipata hata 1, mtu huyo anazungumza na mhudumu siku hiyo hiyo.

Nipe mfano wa jinsi mnavyotofautisha.

Mfano huu nimeuunga kutoka kwa watu wengi, si familia moja. Dada wawili wa wilaya ya Rungwe wamefiwa na mama yao. Sasa ni wiki ya saba tangu mazishi.

Dada mkubwa ana miaka 46, anauza ndizi sokoni. Majirani wana hofu naye kwa sababu analia hadharani. Mteja akimtaja mama, machozi yanamtoka huku anahesabu chenji. Lakini chenji anaihesabu sawasawa. Anaamka, anafika sokoni, jioni anapika. Usingizi umepungua siku chache, ugali haumpiti kama zamani. Akisimulia vichekesho vya mama anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Alama zake: hamu 0, moyo mzito 2, usingizi 1, uchovu 1, kula 1, kujilaumu 0, utulivu wa akili 1, mwendo 0, kufa 0. Jumla 6.

Mdogo wake ana miaka 38, ana shamba dogo la chai na migomba. Majirani wanamsifu: "Huyu ana moyo, hakulia hata makaburini." Hakulia kwa kweli. Nilipomtembelea nyumbani nilikuta mkungu wa ndizi umeegeshwa kwenye ukuta wa jiko, umeiva mpaka umeanza kupasuka, nyuki na nzi juu yake. Kwa mtu wa Rungwe, mkungu kuozea jikoni si jambo la kupita bila kuuliza. Akasema, "Niliukata. Halafu nikaona, wa nini." Chai hajachuma wiki tatu. Anaamka saa tisa usiku kila siku. Sketi ameifunga kwa pini. Nilipomuuliza anamkumbuka mama kwa lipi, hakutaja jambo la mama hata moja, alisema: "Ningempeleka hospitali Jumatatu badala ya Jumatano angekuwa hai. Mimi ndiye niliyemuua. Watoto wangu pia nitawaharibu." Daktari alikuwa ameshawaeleza kwamba siku mbili zile zisingebadili kitu. Alama zake: hamu 3, moyo mzito 2, usingizi 3, uchovu 3, kula 2, kujilaumu 2, utulivu wa akili 2, mwendo 1, kufa 1. Jumla 19.

Ile 1 ya mwisho nilimuuliza maana yake. Akasema hana mpango wowote, ila usiku huomba asiamke. Tuliongea naye siku hiyo, mume wake akaambiwa kwa ruhusa yake, na kesho yake akaonana na daktari. Dada mkubwa hakuhitaji dawa wala rufaa, alihitaji watu waache kumnyamazisha.

Ukitazama machozi tu, ungempeleka hospitali asiye mgonjwa na kumwacha nyumbani aliye mgonjwa.

## Msiba na hasara

Kama kuna sababu ya wazi, bado inaweza kuwa sonona? Mtu amefiwa, kwa nini asihuzunike?

Inaweza. Kuwa na sababu hakuzuii ugonjwa, kama vile kujua ulinyeshewa hakuzuii nimonia. Swali hili liliwasumbua hata wataalamu. Mwongozo wa utambuzi unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani ulikuwa na kanuni kwamba mtu aliyefiwa karibuni asihesabiwe kuwa na sonona. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 2013, kwa sababu wapo waliokuwa wagonjwa kweli wakaachwa bila msaada kisa wamefiwa.

Kwa hiyo usiulize tu "ana sababu?" Uliza: mawimbi yanaachana au hayaachani? Anamlilia marehemu au anajilaani mwenyewe? Akipata habari njema, uso unabadilika japo kwa dakika tano? Kila wiki kuna kitu kidogo anachokirudia, mfano amerudi kwaya, amefua, au kila wiki kuna kitu anachokiacha?

Hasara za shamba na biashara zinapimwa kwa njia hiyo hiyo. Mkulima ambaye viazi vyake vimeoza kwa ukungu atakosa usingizi akipiga hesabu za deni. Akishapata mtu wa kumkopesha mbegu, anaanza kupanga msimu ujao. Mwenye sonona anapewa mbegu na gunia linakaa limefungwa.

Mama alifariki miezi minane iliyopita na bado nalia nikipita makaburini. Nina tatizo?

Kulia makaburini baada ya miezi minane, hata miaka minane, si ugonjwa. Sikukuu, tarehe ya kifo na harufu ya chakula alichopenda vitakuamsha, na hilo ni sawa.

Lakini kuna hali tofauti na sonona, ambapo msiba wenyewe haushuki. Shirika la Afya Duniani linaitambua hali ya kuomboleza kupita kiasi pale ambapo imepita miezi 6 au zaidi na mtu bado anamtamani marehemu kila siku kwa uchungu ule ule wa juma la kwanza, hakubali kwamba amekufa, hawezi kurudi kwenye maisha, na hayo yanazidi kabisa desturi ya jamii yake. Hilo la desturi ni muhimu. Mjane anayevaa nguo za msiba kwa muda uliopangwa na ukoo anafuata mila. Hali hii inatibiwa zaidi kwa mazungumzo ya kitaalamu kuliko dawa, hivyo mweleze mhudumu ni lini msiba ulitokea.

Wakati wa msiba ndugu walinipa vidonge vya usingizi. Niendelee?

Usiendelee kwa kujinunulia. Vidonge vya kutuliza kama diazepamu havitibu sonona wala havimalizi msiba, na vikitumiwa mfululizo kwa wiki kadhaa mwili huvizoea, ukiviacha usingizi unakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kama umeshavitumia zaidi ya wiki chache, usivikate ghafla. Nenda ukapangiwe jinsi ya kupunguza.

## Watu ambao dalili zao hujificha

Mume wangu halii, ila amekuwa mkali na anakunywa kila siku. Hiyo ni sonona?

Inaweza kuwa. Wanaume wengi huku wamelelewa wasilie, hivyo huzuni inatokea mlango mwingine: hasira kwa jambo dogo, ulanzi au komoni kuanzia asubuhi, kukwepa watu, kulala sana. Ugumu ni kwamba pombe nayo huleta sonona. Inampa usingizi wa haraka halafu inamwamsha usiku wa manane, na kesho yake moyo unakuwa chini zaidi.

Tunachofanya ni kuuliza kipi kilitangulia, na kuona hali yake baada ya wiki kadhaa bila pombe. Wengine moyo unainuka wenyewe. Wengine haunyanyuki, na hapo tunajua kuna sonona ya kutibu. Mnywaji wa kila siku asiache ghafla bila ushauri, anaweza kupata kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata degedege.

Nimejifungua wiki iliyopita na nalia ovyo. Ni kawaida?

Siku za kwanza, ndiyo. Wazazi wengi hulia bila sababu kuanzia siku ya pili au ya tatu, na ndani ya wiki mbili hali hiyo hupita yenyewe kwa kupumzika na kusaidiwa kazi. Ikivuka wiki mbili, au ukihisi huna mapenzi kabisa kwa mtoto, au unashindwa kulala hata mtoto akiwa amelala na yupo mtu wa kumshika, mwambie muuguzi siku ya kliniki ya mtoto. Usingoje aulize.

Mzazi anayesikia sauti, anayeongea mambo yasiyoeleweka, au anayeamini mtoto ana kitu kibaya ndani yake ni dharura. Apelekwe saa hiyo hiyo na asiachwe peke yake na mtoto.

Na kwa vijana wa shule?

Kwa kijana, huzuni mara nyingi huonekana kama kuudhika. Tazama maksi zinazoshuka kwa mkupuo, kuacha mpira au marafiki, na maumivu ya tumbo ya kila asubuhi ya shule. Kanuni ya wiki mbili ni ile ile. Namba 116 ni ya simu kwa mtoto, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Tumekwenda kwa mchungaji, na wazee wanasema ni mambo ya ukoo. Tuache?

Sijawahi kumwambia mtu aache kuombewa. Maombi yanaleta watu karibu, na upweke ni sehemu kubwa ya ugonjwa huu. Ninachokataa ni mambo matatu: kufungisha mtu ambaye tayari hali, kumwachisha dawa, na kumwambia kwamba anaumwa kwa sababu ya dhambi au imani ndogo. Hilo la mwisho linaingia moja kwa moja kwenye lile jeraha la kujilaumu. Yule mdogo wa kwenye mfano wetu alikuwa ameshajihukumu mwenyewe, asingehitaji hakimu wa pili.

## Kwenda kituoni

Nianzie wapi?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mweleze mhudumu dalili kwa muda wake: "Ni wiki ya tano sasa, naamka saa tisa usiku, sili, sifanyi kazi." Sentensi hiyo inamsaidia kuliko "najisikia vibaya". Ikihitajika utaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kwa hapa Mbeya ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Watu wengi wanaogopa wakisikia afya ya akili kwa sababu wanadhani watapelekwa Mirembe, Dodoma. Sonona kwa sehemu kubwa hutibiwa mtu akilala nyumbani kwake.

Nikienda, nitafanyiwa nini?

Utaulizwa maswali, mengi. Utapimwa damu kuona upungufu wa damu, na pengine tezi ya shingo, kwa sababu tezi ikilegea mtu huchoka, hunenepa, huhisi baridi na moyo hushuka. Utaulizwa dawa zote unazotumia, maana chache zinaweza kushusha moyo. Hilo lisikufanye uache ARV au dawa za kifua kikuu mwenyewe, sema tu ili daktari aamue.

Swali moja litakushangaza: "Umewahi kuwa na siku ambazo ulikuwa na nguvu kupita kiasi, hulali na huchoki, unatumia hela ovyo?" Jibu kweli, na ndugu asaidie kukumbuka. Kama jibu ni ndiyo, huenda si sonona ya kawaida. Ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha mtu juu.

Mazungumzo yanatibu kweli, au ni maneno tu?

Yanatibu, hasa sonona ndogo na ya kati. Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza sana, maneno yale yale tunayotumia sisi. Bibi hamwambii mtu ajikaze. Anamsaidia kutaja matatizo, kuchagua moja, kupanga hatua ndogo, na kurudi kueleza ilikwendaje. Mwaka 2016 utafiti uliochapishwa ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa na dalili chache baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwa yule mwenye shamba la chai, hatua ya kwanza haikuwa kurudi shambani. Ilikuwa kukaa nje juani na dada yake kila siku saa nne asubuhi, kwa robo saa. Wiki ya pili wakachuma mstari mmoja wa chai. Mgonjwa anangoja hamu irudi ndipo afanye kazi. Katika ugonjwa huu, mara nyingi kazi ndogo hutangulia na hamu hufuata.

Dawa zitanifanya zezeta? Nitazitumia maisha yote?

Dawa za sonona hazileti uraibu kama vile vidonge vya usingizi. Zinazopatikana zaidi kwetu ni amitriptilini, inayonywewa usiku kwa sababu inaleta usingizi, kinywa kikavu na choo kigumu, na fluoksetini, inayonywewa asubuhi na inayoweza kuleta kichefuchefu siku za mwanzo.

Tatizo kubwa ni muda. Madhara madogo huja wiki ya kwanza, nafuu huanza wiki ya pili hadi ya nne. Hapo katikati ndipo watu wengi wanaacha wakisema dawa imewakataa. Kosa la pili ni kuacha siku ya kujisikia mzima. Dawa huendelea kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha hupunguzwa taratibu. Amitriptilini nyingi kwa mkupuo ni sumu kwa moyo, kwa hiyo mgonjwa mwenye mawazo ya kufa asikabidhiwe za mwezi mzima. Ndugu azishike.

## Hatari

Nikimuuliza kama anafikiria kujiua, sitakuwa nimempa wazo?

Hapana. Kuuliza hakupandi wazo, na mara nyingi mtu hushusha pumzi kwa sababu hatimaye kuna anayeweza kulisikia. Uliza kwa maneno mepesi, mkiwa wawili: "Ukiwa umelemewa hivi, huwa unafikiria kufa? Umefikiria kujiua? Umeshapanga jinsi gani?" Kadiri majibu yanavyosogea kwenye mpango, ndivyo unavyopaswa kuharakisha.

Akisema ana mpango, usimwache peke yake hata dakika. Ondoa au fungia viuatilifu vya shambani, kamba na dawa zote za ndani, na mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, hata usiku. Namba ya dharura ni 112. Wengine wanaogopa kwamba sheria itamkamata. Kanuni ya Adhabu inataja kujaribu kujiua kuwa kosa, lakini kuwaza kufa na kuomba matibabu si kosa, na hofu hiyo isimzuie mtu kufika hospitali.

Kule Iringa watu wanatania kwamba Mhehe akiudhiwa anajinyonga. Utani una ubaya gani?

Nimekaa na familia ambazo kijana alisema wiki mbili kabla, "Mtakuja kunikosa," na watu wakacheka, "Ndiyo Wahehe hao." Utani ulimziba masikio kila mtu pale ndani. Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi mwaka 1898 akiwa amezingirwa na Wajerumani, na hilo ni tukio la vita. Halisemi chochote kuhusu damu ya kabila. Kijana wa Kilolo anayeamka saa tisa usiku na kujiona hafai ana ugonjwa ule ule wa mtu wa Mwanza, na dawa ni ile ile. Akisema maneno hayo, rudi kwenye maswali matatu ya hapo juu.

Alikuwa amezama kabisa, leo ameamka ametulia na anagawa vitu vyake. Amepona?

Nafuu ya sonona huja polepole: usingizi kwanza, kisha kula, na furaha mwishoni. Utulivu wa ghafla kwa mtu aliyekuwa akizungumzia kufa, hasa kama analipa madeni, anaaga ndugu au anagawa simu na nguo, unaweza kumaanisha ameshaamua. Muulize leo, kabla ya jioni.

Nimepata alama 8. Si mzima, si mgonjwa. Nifanye nini?

Andika tarehe na alama hizo kwenye daftari. Punguza pombe, lala na kuamka kwa saa zile zile, chagua kazi moja ndogo ya kila siku pamoja na mtu mmoja, kama nilivyoeleza kwenye swali la mazungumzo. Baada ya wiki 2 jibu tena maswali yale 9. Zikishuka, endelea hivyo. Zikibaki pale pale na kazi zinalala, au zikifika 10, nenda kituoni na hilo daftari.